Salamu, kisha swali moja

Kijana mwenye haya kwa kawaida anajua kusalimu. Anapokwama ni pale anapojibiwa "poa" halafu kimya kikaingia. Kwa hiyo katika kazi yangu ya ushauri nasaha, mazoezi yetu huanza na mambo mawili tu: salamu, na swali moja la kufuatia.

Tuseme ni binti wa miaka 14 anayetaka kuzungumza na mwenzake wa dawati la jirani. Kwanza namwomba aipime hofu yake kuanzia 0 hadi 10. Akisema 9, tunatafuta mtu mwingine aliye rahisi kidogo kwake. 4 au 5 inatosha kuanzia. Kisha namwuliza anadhani kitatokea nini. "Atanipuuza." Tunaliandika hilo kama lilivyo.

Swali tunalitoa kwenye jambo wanalolijua wote wawili. "Umemaliza hesabu?" linaishia kwenye ndiyo au hapana. "Lile swali la mwisho la hesabu umelifanyaje?" linampa mwenzake cha kueleza.

Halafu tunaigiza, mimi nikiwa yule mwenzake. Mara ya kwanza najibu kwa uchangamfu. Mara ya pili nasema tu "Sijui," macho yakiwa kwenye daftari. Hii ndiyo raundi ninayoithamini zaidi, kwa sababu jibu fupi ndilo analoliogopa, na asipolizoea hapa ataliona ni kukataliwa. Tunafanya mazoezi ya kumalizia kwa utulivu: "Haya, tutaonana baadaye." Mara ya tatu najifanya sijasikia, naye anarudia kwa sauti kubwa kidogo.

Wakati huo natazama anavyosema. Wengi huinamisha kichwa, humeza maneno ya mwisho, au huuliza swali kabla salamu haijajibiwa. Mwenzake hasikii vizuri, hajibu, na kijana anaamini amepuuzwa. Narekebisha kosa moja tu kwa kila raundi. Yakirekebishwa matatu kwa pamoja, anaanza kujichunga badala ya kumsikiliza mwenzake. Maneno ya swali pia tunayabadilisha kila mara, maana aliyekariri hupotea jibu likija tofauti na alivyotarajia.

Wazazi, tafadhali msimfanyishe mazoezi mbele ya wageni: "Haya, msalimie tuone!" Hapo mmemwekea watazamaji, na watazamaji ndio anaowaogopa.

Akishajaribu shuleni, tunarudi kwenye yale tuliyoyaandika. Je, alipuuzwa kweli? Alisalimu? Aliuliza? Akifanya hayo mawili amefaulu, hata kama jibu lilikuwa baridi, kwa kuwa jibu haliko mikononi mwake. Anarudia na mtu yuleyule siku nyingine hadi hofu ishuke, ndipo tunachagua mwingine.

Lakini kijana anayeongea vizuri nyumbani na kunyamaza kabisa shuleni kwa zaidi ya mwezi, au anayekwepa shule kwa kuogopa watu, mpelekeni kwa mwanasaikolojia. Kwake mazoezi haya peke yake hayatoshi.