Mikanda Myeusi Haikatwi kwa Kikokotoo

Wiki hii tena. Mteja kaniletea karibu na Nasser Road picha ya skrini ya filamu, anataka bango la A3 la kibanda chake cha video. "Bosi, nimeshaikata mwenyewe, wewe chapa tu." Nikachapa kipande cha majaribio, na juu na chini kuna uzi mweusi wa zaidi kidogo ya milimita moja, mabaki ya mikanda myeusi ya filamu. Nikamuuliza alikataje. Akajibu jibu lile lile: upana wa filamu pana ni mara 2.35 ya kimo chake, kwa hiyo pikseli 1920 za upana gawanya kwa 2.35, unapata kimo cha 817, basi.

Hapana! Hiyo 2.35 imebaki midomoni kwa mazoea. Tangu 1970 kipimo cha filamu pana za anamofiki kimekuwa karibu na 2.39, lakini watu hawakuacha jina la zamani. Na hata 2.39 si ahadi. Aliyeandaa faili anaweza kuwa ameacha mistari 800, 804 au 816 ya picha ndani ya fremu ya 1080, na jalada likaandika 2.35 kwa zote tatu. Uwiano unakuambia uangalie wapi. Pa kukata panaonyeshwa na pikseli zenyewe.

Picha ya mteja huyu niliifungua kwenye GIMP, nikaivuta hadi asilimia 800. Mistari inahesabiwa kuanzia sifuri. Weusi ulikuwa kutoka 0 hadi 137, picha kutoka 138 hadi 941, kisha weusi tena. Kwa hiyo picha ina mistari 942 toa 138, yaani 804. Yeye alikuwa ameacha 816, maana programu yake ilikataa namba isiyo shufwa. Mistari 12 ya ziada, sita kila upande. Kwenye karatasi yenye upana wa milimita 420, mistari sita ni milimita 1.3. Ndio ule uzi.

Amri yenyewe, ya ImageMagick, ni fupi:

```
magick fremu.png -crop 1920x804+0+138 +repage safi.png
```

Usisahau `+repage`, la sivyo PNG inabeba kumbukumbu ya turubai la zamani na programu nyingine itaiweka picha mahali pasipo pake.

Sasa wale wa `-trim` ya ImageMagick hiyo hiyo. Najua, inakata yenyewe. Inakata pia anga la usiku, na koti jeusi la mtu aliyesimama ukingoni, kwa sababu haijui mkanda ni nini; inajua rangi ya kona tu. Tukio likiwa la giza, mimi natafuta tukio la mchana katika filamu hiyo hiyo, napima pale, kisha natumia namba zile zile. Ukiwa na faili la filamu, ffmpeg inakupimia:

```
ffmpeg -ss 00:20:00 -i filamu.mkv -t 60 -vf cropdetect=24:2:0 -f null -
```

Ile 2 ya katikati ndiyo inayonikosesha usingizi. Ukiiacha, cropdetect hushusha vipimo hadi namba inayogawanyika kwa 16, na 804 haigawanyiki. Itakupa `crop=1920:800:0:140` kwa kujiamini kabisa, na mistari minne ya picha halisi imeliwa bila mtu kugundua. Ukiandika 2 unapata `crop=1920:804:0:138`. Zipo pia filamu zinazobadili upana katikati, mikanda ikatoweka kwenye matukio makubwa, kwa hiyo dakika moja uliyopima isikutoshe kuhukumu filamu nzima.

Yote haya yanadai fremu kamili. Ukipiga picha ya skrini kwenye kompyuta ya 1366 kwa 768, fremu imeshapunguzwa, ukingo umelainishwa, na mstari wa kwanza wa picha ni mchanganyiko wa weusi na rangi. Chezesha filamu kwa programu ya mpv, bonyeza `S` kubwa: inahifadhi fremu kwa ukubwa wake halisi, bila maandishi ya tafsiri.

Hata hivyo ukingo si msafi daima. Ubanaji wa video hufanya kazi kwa vipande vya mraba, na 138 haigawanyiki kwa 8, kwa hiyo kipande kimoja hubeba weusi na picha pamoja, na vumbi la rangi humwagika pande zote mbili. Katika picha hii mstari wa 138 ulikuwa na giza nusu. Je, ni picha au ni mkanda? Kwa bango naukata, pamoja na mwenzake wa chini, inabaki 802. Kwa mtu anayetaka fremu kama ilivyo, nauacha. Nimewahi kubadili mawazo mara mbili juu ya faili moja, na bado sina hakika ipi ilikuwa sahihi.

Mteja alichukua bango la 802. Aliuliza kama anaweza kuandika 2.35 kwenye jina la faili.