Kwa nini chanzo tegemezi hakizimwi unapotafuta ukinzani wa Thevenin?

"Nimezima vyanzo vyote nikapata omu 917, lakini redio haikubali. Kosa liko wapi?" Swali la mwanafunzi wa ufundi wa umeme, Arusha.

Kosa ni lile neno "vyote". Betri au jenereta ya ishara ni chanzo huru, ukikizima hakuna kinachoharibika. Chanzo tegemezi ni tabia ya transista yenyewe: mkondo wa kolekta hufuata mkondo wa besi, ukitoka kwenye jenereta au ukisukumwa kutoka upande wa mzigo. Ukikizima umeing'oa transista.

Tuchukue saketi yake, ile ya kutolea sauti kwenye emita. Jenereta ya volti 1 ina ukinzani wa kiloomu 10, besi ina kiloomu 1, beta ni 99, na kutoka emita hadi ardhi kuna rezista ya kiloomu 1. Kwa ishara ndogo, laini ya betri nayo huhesabiwa kama ardhi.

Ondoa mzigo, zima jenereta (iwe waya mtupu), kisha penye mzigo weka chanzo cha majaribio cha volti 1. Sasa hesabu mkondo unaotoka humo. Rezista ya emita inakula miliampia 1. Njia ya besi ina kiloomu 11, kwa hiyo inapita miliampia 0.091. Huu unatoka kwenye besi badala ya kuingia, kwa hiyo transista nayo inageuza mwelekeo na kuvuta mara 99 yake, yaani miliampia 9. Hapa ndipo wengi hukosea alama: wakiiacha transista iendelee kusukuma, ukinzani hutoka hasi. Jumla ni miliampia 10.09, na volti 1 ikigawanywa kwa hizo inatoa omu 99. Zile 917 zilikuwa kiloomu 11 na 1 sambamba tu, bila transista.

Volti ya Thevenin hutafutwa jenereta ikiwa imewashwa na mzigo haupo: mkondo wa emita ni mara 100 ya ule wa besi, kwa hiyo kutoka besi rezista ya emita huonekana kama kiloomu 100, ukijumlisha 11 za njia ya besi ni 111. 100 gawanya kwa 111, kama volti 0.9. Ukitaka kujihakikishia, unganisha emita na ardhi kwa waya, kwenye karatasi tu. Mkondo ni mara 100 ya 1/11 ya miliampia, yaani 9.09. Volti 0.9 ikigawanywa kwa huo inarudisha omu 99 zilezile.

Mezani usimwage volti 1 kwenye emita. Transista itatoka kwenye eneo ambalo hesabu hii inashika. Tumia ishara ya milivolti 50, pima bila mzigo, kisha unganisha rezista ya omu 100 kupitia kapasita kubwa. Ishara ikishuka karibu nusu, hesabu iko sawa. Kama ukinzani ungekuwa 917 kweli, ingebaki kama sehemu moja ya kumi.