Kumbukumbu za jopo la usaili: maana yake, na alama inapobadilika

Kumbukumbu za jopo la usaili ni maandishi yanayoonyesha jinsi wasaili walivyolifikia jina la aliyepewa kazi. Zina alama alizotoa kila mjumbe, maneno ya msailiwa yaliyozaa alama hizo, na yale yaliyobadilika baada ya wajumbe kujadiliana. Hazihitaji kunakili kila lililosemwa chumbani. Zinatosha pale ambapo mtu asiyekuwepo kwenye usaili anaweza kutoka kwenye jibu hadi kwenye alama, na kutoka kwenye alama hadi kwenye uamuzi, bila kumpigia simu mjumbe yeyote.

Nimekuwa katibu wa majopo kadhaa, na nimeona kwamba malalamiko hayazuki kwenye hesabu ya jumla. Jumla ikikosewa, hurekebishwa kwa dakika moja. Ugumu uko kwenye alama iliyokuwa 2 saa nne asubuhi, ikawa 3 saa sita mchana, na karatasi haisemi kwa nini.

Ili badiliko lieleweke, lazima kwanza kuwe na alama ya awali inayoaminika. Kila mjumbe hujaza karatasi yake peke yake mara msailiwa anapotoka, kabla ya mtu kufungua mdomo. Mwenyekiti akitangulia kusema "huyu alikuwa mzuri sana", wengine huvutwa kuelekea alama yake hata bila kujijua, na jopo la watu watatu linabaki na maoni ya mtu mmoja yaliyoandikwa mara tatu. Kwa hiyo karatasi zijazwe kwa kalamu ya wino, zitiwe saini, kisha ndipo mjadala uanze.

Tuchukue mfano wa jopo la watu watatu, A, B na C, wanaotafuta mtunza ghala. Kuna vigezo vitatu: udhibiti wa mali wenye uzito wa 40, uandishi wa kumbukumbu 30, na kufanya kazi na wenzake 30. Alama ni 1 hadi 5, na maana ya kila alama imeandikwa kabla ya siku ya usaili. Kwa kigezo cha kwanza, 2 ni kueleza upungufu wa mali bila kusema hatua aliyochukua. Alama 3 inahitaji hatua moja sahihi, ama kuhesabu upya au kutoa taarifa. Alama 4 inahitaji zote mbili, na 5 inadai pia njia ya kuzuia upungufu usijirudie.

Msailiwa namba 3 anaulizwa alifanya nini siku hesabu ya ghala ilipopishana na daftari. A anampa 4, B anampa 2, C anampa 4. Ukijumlisha ni 10 kati ya 15, na kwa uzito wa 40 hiyo ni 26.67. Katika vigezo viwili vilivyobaki amepata 22 na 20, hivyo jumla yake ni 68.67. Msailiwa namba 5 ana 70. Mpaka hapo namba 5 anaongoza.

Jopo hili lilikubaliana mapema kwamba wajumbe wakipishana kwa alama 2 au zaidi, lazima wajadiliane. Wanasoma walichoandika. A na C wote wana sentensi hii: "Nilimwandikia msimamizi siku ile ile." B hana, anakiri kwamba wakati huo alikuwa anaandika jibu la nyuma na sentensi hiyo ilimpita. Lakini kuhusu kuhesabu upya, A na C wameandika "tulihesabu tena", ilhali B ameandika "msaidizi wangu alihesabu tena", na anashikilia kwamba hayo ndiyo maneno aliyoyasikia. Anakubali kupanda hadi 3, si 4. Sasa jumla ya kigezo ni 11 kati ya 15, sawa na 29.33, na namba 3 anafikia 71.33. Amempita namba 5.

Fikiria namba 5 akiomba maelezo, na karatasi ya B inaonyesha 2 iliyofutwa kwa wino mweupe na 3 juu yake. Hata kama kila mjumbe alikuwa mwaminifu, hakuna awezaye kulithibitisha hilo. Kinachotakiwa ni B akate ile 2 kwa mstari mmoja unaoiacha isomeke, aandike 3 pembeni, aweke herufi za jina lake na saa. Kisha katibu aandike kwenye muhtasari hivi:

"Msailiwa Na. 3, kigezo cha 1: B amebadili alama kutoka 2 kuwa 3. Sababu: maandishi ya A na C yanaonyesha msailiwa alisema alitoa taarifa kwa msimamizi siku ile ile, jambo ambalo B hakuliandika. B hakutoa 4 kwa kuwa, kwa maandishi yake, aliyehesabu upya ni msaidizi."

Tazama kwamba tofauti kati ya B na wenzake imeachwa ilivyo. Majopo mengi huona aibu kutofautiana, wakasawazisha alama zote ziwe 4 ili karatasi zipendeze. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu karatasi tatu zinazofanana kila mstari humpa mkaguzi swali la kwanza: je, ziliandikwa na mtu mmoja? Sababu isiyokubalika ya kubadili alama ni "ili alingane na wengine" au "mwenyekiti ameshauri". Sababu ni jibu la msailiwa likipimwa kwa kigezo, basi.

Vivyo hivyo maelezo ya pembeni. "Hajiamini" ni hisia ya mjumbe. "Alipoulizwa kuhusu stakabadhi alisema hajawahi kuzijaza" ni ushahidi. Umri, ujauzito, dini, au sura ya mtu havina mahali kwenye karatasi, na vikizungumzwa chumbani mwenyekiti avikatize hapo hapo na muhtasari useme alivikatiza. Mjumbe anayemfahamu msailiwa naye atamke hivyo kabla ya usaili kuanza, na iandikwe alitoka au alibaki, na kwa nini.

Usiri nao hueleweka vibaya. Maana yake ni kwamba wanaosoma karatasi ni wale tu wenye kazi nazo. Haina maana kwamba msailiwa hatasoma kamwe yaliyoandikwa juu yake. Tarehe 20 Desemba 2017, katika kesi C-434/16, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba majibu ya mtahiniwa wa mtihani wa kitaaluma na maelezo ya msahihishaji juu ya majibu hayo ni taarifa binafsi za mtahiniwa. Kwa hiyo andika kila mstari ukijua mhusika anaweza kuusoma. Muhtasari utumie namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa katibu peke yake.

Kikao kikiisha, katibu hukusanya kila kitu: karatasi za alama, wasifu ulioandikwa pembeni, hata ukurasa wa daftari la mjumbe. Huhesabu, hufunga kwenye bahasha, hutia saini juu ya kifungio, na huandika tarehe ya kuziharibu kwa mujibu wa kanuni za taasisi. Rufaa ikiingia kabla ya tarehe hiyo, uharibifu husimama. Kundi la simu ambamo wajumbe walikuwa wakiulizana "umempa ngapi?" nalo ni kumbukumbu, hata kama hakuna aliyekusudia, na linaweza kuombwa pamoja na zile karatasi.