Kalenda ya nauli ni nini, na kwa nini siku ya bei ya chini sio Jumanne kila mara

Kalenda ya nauli ni ile sehemu kwenye apu ya treni ambayo haikupi bei ya treni moja tu, yenyewe inakuwekea siku au saa tofauti na bei ya chini kabisa ya kila moja, we unaangalia halafu unachagua. Naelezea kwa treni za Ujerumani, za shirika la reli la Deutsche Bahn, maana huku ndo naishi na safari ya Hamburg kwenda Munich naijua vizuri, ni kama masaa sita kwa ICE, yaani treni yao ya kasi.

Kwanza uelewe bei inatoka wapi. Kila treni ina tiketi chache za bei ya chini, zikiisha unapanda ngazi inayofuata, zikiisha hizo unapanda tena, kwa hiyo watu wawili kwenye behewa moja wanaweza kuwa wamelipa nauli tofauti kabisa. Kalenda haikupi punguzo lolote, inakuonyesha tu ni treni gani ambayo ngazi za chini bado hazijaisha, basi.

Kwenye apu yao ya DB Navigator unaweka unakotoka, unakoenda na tarehe, halafu unawasha Bestpreis, yaani bei bora, ndo kalenda yenyewe. Siku inakatwa vipande, mfano saa moja hadi saa nne asubuhi, saa nne hadi saa saba mchana, na kila kipande kinaandikwa bei yake inayoanzia. Tuseme unataka kwenda Ijumaa, kipande cha saa kumi jioni hadi saa moja usiku kinasema yuro 90, unasogea hadi Jumamosi mchana unakuta 50, unarudi nyuma Jumanne saa nne hadi saa saba unakuta 38, na Jumanne hiyohiyo alfajiri 28 (namba hizi nimezitunga za mfano tu, zako utaziona mwenyewe). Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndo wanafunzi na wafanyakazi wanarudi makwao, ndo maana zinapanda.

Sasa watu wakishasikia hivyo wanakariri "Jumanne ndo rahisi" na hapo ndo wanapoumia, kwa sababu treni haijui Jumanne, inajua watu wangapi wanaitaka. Chukua sikukuu ya Kupaa Bwana, huku ni mapumziko nchi nzima na kila mwaka inaangukia Alhamisi, mwaka 2026 ni tarehe 14 Mei, wengi wanaomba ruhusa Ijumaa wanapata siku nne, kwa hiyo Jumatano jioni inakuwa kama Ijumaa. Ukiangalia kalenda unaona, ukikariri huoni. Likizo za shule nazo kila jimbo lina tarehe zake, ya Bavaria inaenda mpaka mwezi wa tisa wakati Hamburg watoto wamesharudi darasani zamani.

Ile 28 ya alfajiri usiibonyeze haraka, fungua kwanza uone njia. Mara nyingi unakuta ni kubadilisha treni mara tatu na dakika saba za kukimbia kutoka jukwaa moja hadi lingine, na begi la kilo ishirini hizo dakika saba hazitoshi. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuongeza muda wa kubadilisha, weka kama nusu saa halafu tafuta upya, hapo unapata bei ya safari ambayo kweli unaiweza. Na kama una BahnCard 25, ile kadi yao ya punguzo, iweke kabla ya kutafuta, la sivyo unalinganisha bei ambazo sio zako.

Kitu kingine ni jina la tiketi. Bei ya chini kabisa kwa kawaida ni Super Sparpreis, hiyo ukighairi pesa imekwenda, Sparpreis ya kawaida unarudishiwa kwa makato, Flexpreis ni ghali lakini hujafungwa kwenye treni moja. Zote mbili za Sparpreis zinakufunga kwenye ICE ile uliyochagua, ukiikosa kwa kuchelewa mwenyewe nyumbani unanunua tiketi nyingine. Kwa hiyo kama hujui mkutano utaisha saa ngapi, tofauti ya yuro kumi kati ya Jumanne na Jumatano sio ya kuangalia sana. Ila kama kuchelewa ni kwao, na inaonekana utafika mwisho wa safari dakika 20 au zaidi baada ya muda, kule kufungwa kwenye treni moja kunaondoka na unapanda treni nyingine ya kwenda hukohuko, we piga tu picha ya skrini inayoonyesha hizo dakika kabla hazijafutika, kondakta akiuliza una cha kumwonyesha.