Bi Aisha wa Damasko na sanadi fupi ya Bukhari

Mwaka 802 Hijria, sawa na 1400 Miladia, Ibn Hajar wa Kairo alifunga safari kwenda Damasko. Wakati huo alikuwa tayari mwanazuoni mwenye jina wa hadithi, yaani mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad. Miongoni mwa waliomsomesha huko ni mabinti wawili wa nyumba moja, Fatima na Aisha, watoto wa Muhammad ibn Abd al-Hadi. Wakati huo Aisha alikuwa anakaribia miaka themanini. Wanafunzi wangu huuliza: mtu aliyebobea kiasi hicho alitafuta nini kwa bibi huyo?

Alitafuta sanadi ya juu, yaani mapokezi yenye watu wachache kati yako na chanzo. Kila mtu anayeongezeka katikati ni nafasi nyingine ya kosa, na ndiyo maana wanazuoni walivuka nchi kwa ajili ya kupunguza jina moja tu.

Hebu tuihesabu sanadi ya Aisha ya Sahihi Bukhari, kitabu mashuhuri cha hadithi alichokikusanya Bukhari. Aliisikia kwa al-Hajjar, naye kwa al-Zabidi, naye kwa Abu al-Waqt, naye kwa al-Dawudi, naye kwa al-Sarakhsi, naye kwa al-Firabri, aliyeisikia kwa Bukhari mwenyewe. Bukhari alifariki mwaka 870 Miladia, Aisha mwaka 1413. Ni zaidi ya miaka mia tano, na kati yao wamo watu sita tu.

Siri yake ni umri. Mtoto mdogo alipelekwa darsani kwa shekhe mzee sana, kisha akiruzukiwa maisha marefu, naye akawa mzee anayetafutwa. Aisha alizaliwa mwaka 723 Hijria na alihudhurishwa kwa al-Hajjar akiwa na miaka minne. Al-Hajjar alifariki mwaka 730. Wazazi wangechelewa miaka michache tu, nafasi hiyo ingempita. Basi nyuma ya kila bibi wa namna hii kuna baba, mama au mjomba aliyejua thamani ya kumbeba mtoto kumpeleka darsani.

Ushahidi ulikuwa maandishi. Mwishoni mwa nakala iliyosomwa, karani aliandika orodha ya waliokuwapo: nani kasoma, nani kasikiliza, wapi na lini, na wanawake na watoto wakitajwa kwa majina yao. Wa chini ya miaka mitano kwa kawaida aliandikwa kuwa "amehudhuria", wa mitano na zaidi kuwa "amesikia". Al-Hajjar mwenyewe alikuwa fundi wa mawe, si mwanazuoni. Mwaka 706 wanazuoni walilikuta jina lake katika orodha ya darsa la al-Zabidi la mwaka 630, wakatambua kwamba mzee huyo bado yu hai, na tangu hapo watu wakamiminika kwake. Mwingine aliyesoma kwa al-Zabidi utotoni ni Sitt al-Wuzara, aliyeifundisha Sahihi Damasko na Misri hadi kufariki kwake mwaka 716.

Palikuwa pia na njia ya ijaza, yaani ruhusa ya kupokea bila kukaa pamoja. Zaynab bint al-Kamal, naye wa Damasko, alizaliwa mwaka 646 na kupata ijaza ya Ajiba al-Baqdariyya wa Baghdad, aliyefariki mwaka 647. Mmoja alikuwa mchanga, mwingine amefika ukingoni mwa maisha, na kati yao ni masafa ya miji miwili. Zaynab aliishi miaka tisini na zaidi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Damasko mwaka 1326 Miladia alipata ijaza yake. Miaka mitano baadaye msafiri huyohuyo alikuwa Mombasa na Kilwa.

Mfumo huu una mpaka wake, na napenda kuusema wazi. Mtoto wa mwaka mmoja haelewi alichoruhusiwa, na ijaza haimfanyi kuwa faqihi, mjuzi wa sheria. Wengi wa mabibi hawa wanatajwa kwa mapokezi, si kwa fatwa au uhakiki wa hadithi. Kinachoyalinda maneno yenyewe ni nakala iliyolinganishwa na asili, na hapo sanadi fupi peke yake haitoshi.

Ndiyo maana ninampa nafasi ya pekee Karima al-Marwaziyya, aliyefundisha Sahihi Makka na kufariki mwaka 463 Hijria, kabla ya Aisha kwa zaidi ya karne tatu. Yeye aliipokea kwa al-Kushmihani, mwanafunzi wa al-Firabri, na al-Khatib al-Baghdadi aliisoma kwake kwa siku tano wakati wa Hija. Mwanafunzi mwingine, Abu al-Ghana'im al-Narsi, alinakili kurasa saba kutoka katika nakala yake na akataka kuzilinganisha peke yake. Karima alikataa. Kurasa zile zilipaswa kulinganishwa pamoja naye.