Criteria, children na potatoes: wingi wa Kiingereza unaoponyoka

Mtu akiandika *the main criteria is price*, amechanganya umoja na wingi. *Criteria* ni wingi. Kimoja ni *criterion*. Mswahili ana njia nyepesi ya kujipima: aseme kwanza kwa Kiswahili. Ukisema "kigezo kikuu ni bei", basi ni *the main criterion is price*. Ukisema "vigezo vikuu ni bei na ubora", ni *the main criteria are price and quality*. *Phenomenon* na *phenomena* hufuata njia hiyohiyo, kwa hiyo *criterias* na *phenomenas* ni wingi juu ya wingi.

Maneno haya yana asili ya Kigiriki, na Kiingereza kiliyapokea pamoja na wingi wake wa -a. Sisi tulifanya kinyume: tulichukua *kitab* ya Kiarabu, tukaisikia ki- yake kama kiambishi chetu, tukapata vitabu. Usidhani lakini kila neno linaloishia na -on liko hivyo. *Lemon* ni *lemons*, na hata *electron*, lenye mzizi wa Kigiriki, ni *electrons*.

*Children* lina kichekesho chake. Katika Kiingereza cha kale wingi wa *cild* ulikuja kuwa *cildru*, baadaye *childre*. Wasemaji walipoacha kuusikia kama wingi, wakaongeza -n, ileile ya *oxen*. Kwa hiyo *children* tayari limebeba alama mbili za wingi, na anayeandika *childrens* anaongeza ya tatu. *Children's* yenye ritifaa ni kitu kingine: hiyo ni "ya watoto", kama *children's books*.

Kwa maneno yanayoishia na y, tazama herufi iliyotangulia. Ikiwa konsonanti, y hugeuka ies: *city, cities*, *baby, babies*. Ikiwa irabu, ongeza s tu: *key, keys*, *boy, boys*. *Soliloquy* huonekana kuivunja kanuni, kwani kabla ya y kuna u, lakini *qu* hutamkwa kama *kw*, hivyo huandikwa *soliloquies*. Majina ya watu hayaguswi: ukoo wa *Kennedy* ni *the Kennedys*.

Kwenye o ndipo penye utata. Irabu ikitangulia, ni s: *radios, videos, zoos*. Konsonanti ikitangulia, *potato, tomato, hero, echo* na *veto* huchukua es. Lakini maneno yaliyokatwa huchukua s peke yake, kwa kuwa *photos* ni ufupi wa *photographs* na *kilos* ni wa *kilograms*. Maneno ya muziki yaliyotoka Kiitaliano pia: *pianos, solos, sopranos*. Anayeandika *photoes* ameipeleka kanuni ya viazi kwenye picha. Embe linakubali yote mawili, *mangoes* na *mangos*; *volcano* vilevile. Chagua moja, uishike mpaka mwisho wa andiko.