Ukomo wa barua pepe kwa saa kwenye seva ya pamoja: dhana potofu na ukweli

SACCOS ninayoitunzia tovuti ilikuwa na anwani 640 za wanachama, na kila mwisho wa mwezi kila mmoja hutumiwa taarifa ya akiba yake. Tovuti iko kwenye seva ya pamoja yenye cPanel, na kampuni inayotuuzia nafasi hiyo imeweka ukomo wa barua 100 kwa saa kwa kila domeni. Mwezi wa kwanza mhasibu alibonyeza kitufe cha kutuma saa tatu asubuhi, mfumo ukamjibu kwamba zote 640 zimetumwa. Kufikia jioni wanachama walikuwa wanapiga simu kuuliza taarifa zao. Nilipofuatilia, niliona kwamba tulikuwa tumeamini mambo kadhaa yasiyo ya kweli.

Dhana: Barua zikizidi ukomo hukaa foleni, zitatoka saa inayofuata.

Ni kweli kwa chache tu. WHM, yaani upande wa msimamizi wa seva, ina asilimia inayoamua ni barua ngapi za ziada ziwekwe foleni, na kiwango chake cha kawaida ni 125. Kwa ukomo wa 100, barua 100 za kwanza hutoka, 25 zinazofuata husubiri, na kuanzia ya 126 seva huzitupa. Kwa hiyo katika taarifa zetu 640, taarifa 515 zilipotea siku ile, na hakuna saa yoyote ya baadaye ambayo zingetoka.

Mfumo ulisema zimetumwa kwa sababu `mail()` ya PHP huikabidhi barua kwa Exim, ambayo ndiyo seva ya barua ya cPanel, na Exim huipokea kwanza kisha ndipo ikague ukomo. Taarifa ya kushindwa hurudi kwa mtumaji wa kiufundi. Kama skripti haikumtaja, huyo ni jina la akaunti yenu ya cPanel, ambaye kikasha chake kwa kawaida hakifunguliwi na mtu. Ukweli utaupata kwenye `Track Delivery`, ndani ya sehemu ya `Email`. Tafuta mstari wa namna hii:

```
Domain saccos.example has exceeded the max emails per hour (126/100 (126%)) allowed. Message discarded.
```

Mstari ukiishia na `Message will be reattempted later`, barua hiyo iko foleni. Ukiishia na `Message discarded`, itume upya, maana seva haitaijaribu tena.

Dhana: Barua moja iliyowekewa watu 60 kwenye BCC ni barua moja.

Kinachohesabiwa ni wapokeaji. Hao 60 ni 60. Hesabu pia ni ya domeni nzima, si ya kikasha kimoja, hivyo katibu akimtumia mtu barua kutoka kwenye kikasha chake, anakula fungu lile lile linaloliwa na skripti ya taarifa. Siku ile tulipotupa barua 515, barua za kawaida za ofisi kwenda nje nazo zilikwama saa hiyo nzima, na hakuna aliyehusisha mambo haya mawili.

Kuacha `mail()` na kuingia kwa SMTP ya domeni hiyo hiyo hakubadilishi kitu. Njia zote mbili zinapita Exim ile ile.

Dhana: Basi tutume 100 kila saa.

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Ukilijaza fungu lote, barua za watu hazina pa kupita, na zile zilizobaki foleni zitakula nafasi ya saa inayofuata. Sisi tulitenga 80 kwa taarifa, tukaacha 20 kwa ofisi. Tena hizo 80 hatuzimwagi kwa pamoja. Taarifa zote zinaandikwa kwanza kwenye jedwali la hifadhidata, kila moja na safu ya muda ilipotumwa, kisha kroni inaamka kila robo saa:

```
*/15 * * * * /usr/local/bin/php /home/saccos/tuma.php
```

Kila inapoamka, skripti huchukua taarifa 20 ambazo safu yake ya muda bado ni tupu, huituma moja moja na kuitia alama papo hapo. Usingoje kutia alama mwishoni mwa kundi. Skripti ikikatika katikati, waliokwisha kupata watatumiwa mara ya pili.

Kuna ukomo wa pili usiotajwa sana. Msimamizi anaweza kuweka asilimia ya barua zinazoruhusiwa kushindwa au kuahirishwa kwa saa, na domeni ikiipita hufungiwa kutuma kwa muda. Ujumbe wake unataja `max defers and failures per hour`. Orodha yetu ilikuwa na anwani 38 zilizokufa, nyingi zikiwa zimekosewa herufi wakati wa kujaza fomu kwa mkono. Tulizitoa, zikabaki 602.

Dhana: Kuhamia huduma maalumu ya kutuma barua ni kwa wanaotuma maelfu.

Kwa maoni yangu idadi ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Taarifa ya mwezi inaweza kungoja hadi kesho bila kumuumiza mtu. Msimbo wa kubadili neno la siri unaoisha baada ya dakika 10 hauwezi. Siku utakapokuwa na barua za aina hiyo, zitoe kwenye fungu la kwa saa hata kama ni tano kwa siku.

Sababu ya pili ni majirani. Kwa kawaida wateja wote wa seva ya pamoja hutuma kwa anwani moja ya IP, na mmoja akituma barua taka, nyote mnaweza kukataliwa. Dalili iko `Track Delivery`: katazo linatoka kwa seva ya mpokeaji na linataja IP au orodha ya kuzuia, wala halisemi lolote kuhusu ukomo wenu. Hilo kupunguza kasi hakulitibu.

Dhana: Kuhama ni kubadili jina la seva ya SMTP tu.

Tulichagua Amazon SES. Akaunti mpya huanza kwenye eneo la majaribio: barua 200 kwa saa 24, na kwa anwani ulizothibitisha tu, mpaka uombe kutolewa. Halafu kuna rekodi tatu za CNAME za DKIM za kuongeza kwenye DNS. Huduma nyingine itakuomba uongeze `include` kwenye SPF. Iongeze ndani ya rekodi iliyopo, kwa sababu domeni yenye rekodi mbili za SPF huhesabiwa kuwa na kosa.

Jaribio letu la kwanza kwa bandari 587 liligoma kwa kosa la cheti, na jina lililokuwa kwenye cheti lilikuwa la seva yetu ya pamoja, si la SES. Seva nyingi za cPanel huyageuza maunganisho ya bandari 25, 465 na 587 yarudi kwa Exim yake. SES inapokea pia kwa 2587, nayo ilipita.

Zile anwani 38 zingetugharimu huku pia. Ni karibu asilimia 6 ya 640, na SES huiweka akaunti chini ya uangalizi barua zinazorudi zikifika asilimia 5.

Rekodi ya MX hatukuigusa, kwa hiyo vikasha vya ofisi vimebaki pale pale. Misimbo na risiti zinapita SES. Taarifa 602 bado zinatoka kwenye seva ya pamoja: kundi la kwanza saa nne usiku, na la mwisho, lenye taarifa mbili, saa kumi na moja na nusu alfajiri.